Naomba ushauri: karatasi ya kukagua kazi ya mkandarasi wa usafi, wasimamizi wangu hawakubaliani

BintiMichenzani
Assalaam alaykum. Mie nasimamia jengo la ofisi la ghorofa tatu hapa mjini Unguja. Usafi tumempa mkandarasi. Watu wake huingia saa 11 jioni ofisi zikifungwa, humaliza saa 2 usiku. Asubuhi saa moja u nusu wasimamizi wangu wawili wanapita kukagua, na kila siku ni ugomvi: mmoja anasema pasafi, mwengine anasema pachafu, mkandarasi anasema tunamwonea. Nimekaa wiki nzima nikaandika karatasi ya ukaguzi, mistari 62, kila mstari una kisanduku cha ndiyo na hapana. Mfano: "Choo kisafi." "Sakafu imedekiwa vizuri." "Vioo vinang'aa." Nataka kuanza nayo mwezi huu huu. Niongeze nini? Nina haraka kidogo, tafadhalini.

MzeeWaMkunazini
Waalaykum salaam. Binti yangu, sie tulifanya kazi bila ya karatasi. Bwana mkubwa akipita na kanzu nyeupe, akiegemea ukuta na kanzu ikatoka na doa, siku hiyo mnafagia upya mpaka magharibi. Mtu akiwa na imani ya kazi hahitaji visanduku 62. Watafute watu wenye imani.

UmmuMbili
Mie dada wangu wa kazi nyumbani ndio hivyo hivyo, nikimwambia chini ya kochi anafagia mbele ya kochi. Hiyo karatasi ikiwa tayari naiomba na mie.

MamaFunguo
Mwanangu, nimesimamia usafi wa vyumba hotelini pwani ya mashariki miaka 14. Kabla ya kuongeza, toa neno "vizuri". Kila msimamizi ana vizuri yake, na hapo ndipo ugomvi wenu unapozaliwa. Andika kitu ambacho jicho au kidole kitajibu bila ya kuulizana.

Chukua choo. Badala ya "choo kisafi", andika: "Kioo kidogo kikipitishwa chini ya ukingo wa sinki la choo, hapana njano wala ukoga." Pale chini ya ukingo mfanyaji usafi mvivu hafiki, na ukisimama juu huoni kitu. Juu ya fremu ya mlango andika: "Tishu nyeupe ikipitishwa inatoka nyeupe." Sakafu: "Tochi ikilazwa sakafuni, hauonekani mchanga pembezoni mwa ukuta wala mistari ya dekio." Tochi ya simu inatosha. Ukiimulika kutoka juu sakafu yote inang'aa. Ukiilaza chini, kila chembe inatoa kivuli chake.

Sasa nikuulize. Kazi inaisha saa 2 usiku, nyinyi mnakagua saa moja u nusu asubuhi. Kati ya hapo nani anaingia vyooni?

BintiMichenzani
Walinzi, wawili. Wanatumia choo cha chini usiku kucha. Wallahi sikulifikiria hilo. Lakini siwezi kuwaweka wasimamizi mpaka saa 2 usiku kila siku, hawana posho ya saa hizo.

MamaFunguo
Si kila siku. Siku mbili kwa wiki, na mkandarasi asijue zipi. Mkague ndani ya nusu saa baada ya kazi kuisha, na kiongozi wa watu wake awe pembeni yenu, asaini hapo hapo. Wala msipite jengo zima. Vyoo vyote, kisha ofisi sita mtakazozichagua kwa kura. Walinzi wapangieni choo kimoja, hicho kikaguliwe usiku tu. Ukaguzi wa asubuhi ubaki kwa vumbi na vioo, vitu ambavyo usiku haviharibiki.

FundiBomba_Chake
Salamu kutoka Pemba. Hapo kwenye harufu muwe waangalifu. Jengo moja Chake walimfukuza mtu wa usafi kwa sababu choo kinanuka, nikaitwa mie. Tatizo lilikuwa lile tundu la sakafuni. Ndani yake mna maji yanayoziba harufu ya bomba la taka. Choo kisipotumika, maji yanakauka na harufu inapanda. Nilimimina nusu ndoo ya maji tu, baada ya robo saa harufu kwisha. Kwa hivyo mwagieni maji kwanza, kisha mumhukumu.

Na ule utando mweupe kwenye mifereji ni chokaa ya maji yetu. Jiki haiutoi hata ukimaliza chupa. Lowesha tambara kwa siki, ulifunge kwenye mfereji nusu saa, unatoka wenyewe. Sakafu ikiwa na utando ni hivyo hivyo, mwagia siki.

MamaFunguo
Fundi, kwenye mfereji umesema kweli. Kwenye sakafu hapana! Majengo mengi ya mjini yana teraso, na teraso ni saruji na vipande vya marumaru. Siki inaila. Leo utando utatoka, baada ya miezi sakafu inakuwa kavu kama jivu na kila uchafu unaingia ndani. Na siki isikutane na jiki hata kidogo, inatoka hewa ya klorini, inachoma kifua. Binti, kwenye karatasi yako weka kisanduku cha tatu: "kasoro ya jengo". Bomba linalovuja, dari yenye ukungu wa masika, tundu lililokauka. Hiyo inakwenda kwa mwenye jengo, haimkati alama mkandarasi.

FundiBomba_Chake
Nimekufahamu. Kwetu nimeshazoea vigae, teraso sikuifikiria.

Kipanga_Mpole
Ushauri mzuri wote huu, lakini bibie hajasema jambo moja. Mkataba wenu unasemaje kuhusu kiwango? Na kwa nini iwe mwezi huu huu?

BintiMichenzani
Mkataba unasema "kufanya usafi wa jengo zima kwa kiwango cha kuridhisha". Basi. Haraka ni kwa sababu mwenye jengo alipanda ghorofa ya tatu wiki iliyopita akaona vyoo, hakupenda.

Kipanga_Mpole
Na nani anasaini kila mwezi kuwa kazi imekamilika, ili alipwe?

BintiMichenzani
Mie.

Sawa, niseme. Miezi mitatu nimesaini bila ya kupanda ghorofa ya tatu. Mkandarasi ni mume wa dada yangu. Nilimwamini, na nilikuwa na mtoto anaumwa. Sasa nimeshaandika barua ya kumkata asilimia 20 ya ankara ya mwezi huu, sijaipeleka. Msinione mbaya. Nikimwacha nitaonekana nambeba shemeji yangu, na nikimkata bila ya karatasi dada yangu ataniuliza nimekata kwa kipimo gani. Ndio maana nataka karatasi.

MzeeWaMkunazini
Haya ndiyo niliyokuwa nikiyahofia. Mambo ya ndugu na pesa hayawekwi chungu kimoja.

Kipanga_Mpole
Mie nasema hadithi hii imetungwa. Kwanza ugomvi wa wasimamizi, kisha walinzi, kisha mwenye jengo, sasa shemeji na mtoto mgonjwa. Kila ukibanwa linatoka jipya. Huyu ana kampuni yake ya usafi, anataka karatasi ya bure aende nayo kwenye zabuni. Mtu anayesimamia jengo kweli angekuwa na matokeo, angalau ya choo kimoja.

UmmuMbili
Hata akiwa na kampuni, si wasafishe tu vyema? Tatizo lipo wapi?

BintiMichenzani
Jana usiku nilipanda mwenyewe, na wasimamizi wote wawili. Choo cha ghorofa ya tatu, upande wa ngazi. Kila mmoja alipewa karatasi yake, hawakuonyeshana. Nilipunguza mistari mpaka 24. Mitatu haikuhusika: choo kile hakina dirisha wala kioo cha ukutani, na ndoo ya taka ilikuwa imepelekwa kutengenezwa. Mmoja alitia ndiyo 17. Mwengine 12. Chini ya ukingo wa sinki palikuwa na mstari wa rangi ya chai, upana wa kidole, kote. Wote wawili waliuona kwa kioo. Kipanga, siwezi kutunga mstari ule.

MamaFunguo
Hapo sasa tuna kazi ya kufanya. Yule wa 17 usimgawie kwa 24. Mistari mitatu haikuhusika, inatoka. 17 kwa 21 ni asilimia 81. Ukigawa kwa 24 unapata 71, na umemwadhibu mkandarasi kwa dirisha ambalo halipo. Yule wa 12 ni asilimia 57. Tofauti ya alama tano kwenye choo kimoja, wakati mmoja, hiyo ni ya karatasi, si ya choo. Hebu nitajie mistari mitano waliyotofautiana.

BintiMichenzani
"Sinki la kunawia linang'aa." "Mlango msafi." "Sakafu imekauka vyema." "Hapana harufu mbaya." Na wa tano ni tishu juu ya ukuta wa kutenganisha vyoo. Mmoja kapata nyeupe, mwengine kijivu.

MamaFunguo
Minne ya mwanzo umeiona mwenyewe: inang'aa, safi, vyema, mbaya. Bado ni maneno ya moyo. "Sakafu imekauka" andika: "Tishu ikibanwa sakafuni hailowi." Harufu: "Mlango ukifunguliwa, kabla ya kuingia na kabla ya kupuliza manukato, hapana harufu ya mkojo." Huo wa tano unanishangaza, maana uliandikwa sawa.

BintiMichenzani
Mmoja ni mrefu, mwengine mfupi. Yule mfupi alipangusa ubavu wa ukuta, juu hafiki.

MamaFunguo
Basi mpe kijiti kirefu chenye tishu. Na ule mstari wa chai uutie nyota. Mistari mitatu tu iwe na nyota: chini ya ukingo wa sinki, harufu ya mkojo, na sakafu yenye maji ya kuteleza. Mmoja ukianguka, choo kizima kimeanguka hata kama alama ni asilimia 95. Wapewe saa mbili warudie, mkague tena.

Kuhusu barua, usiipeleke. Mkataba hausemi asilimia 20 wala kipimo. Mkubaliane karatasi hii iwe kiambatisho, mwezi wa kwanza wa majaribio bila ya kukatana, kukata kuanze wa pili.

Kipanga_Mpole
Nakubali choo kipo. Lakini miezi mitatu aliyosaini je? Mwenye jengo alilipa. Lazima ajue nani alisaini na nani ni shemeji wa nani. Na ukaguzi wa mkandarasi huyu ausimamie mtu mwengine.

MamaFunguo
Mambo ya nyuma hayakaguliki tena, choo cha mwezi uliopita kimeshatumika. Karatasi haiwezi kurudi nyuma.

Kipanga_Mpole
Karatasi haiwezi. Yeye anaweza.

BintiMichenzani
Hapo sijaamua, sitasema uongo. Barua nimeiweka. Leo mchana shemeji nimemwonyesha kioo na ule mstari, akakaa kimya, kisha akaomba nakala ya karatasi. Alhamisi saa 2 usiku tunapita pamoja, kiongozi wake na yule wangu mfupi. Nimenunua vioo viwili vidogo Darajani, lakini havina mpini, mtu inabidi ainame mpaka uso unakaribia sinki.

FundiBomba_Chake
Funga kwa waya mgumu kwenye kijiti cha fagio, waya uupinde kidogo mwishoni. Mie ndivyo ninavyotazama nyuma ya mabomba.