Tupeane uzoefu: uliandika kazi gani kidato cha sita, na leo unafanya nini?

Baba Neema: Jumamosi nilikuwa kwenye mahafali ya kidato cha sita ya binti yangu. Mgeni rasmi alikuwa mkuu wa shule mstaafu, ambaye baada ya risala alifungua daftari la jalada gumu ambamo wanafunzi wake 34 wa PCB waliandika, mwaka 1999, kazi walizozitarajia. Kati yao 31 waliandika udaktari, na alipowatafuta mmoja mmoja alikuta walioufikia ni 5. Yeye mwenyewe alitaka kuwa mpima ardhi akapangiwa ualimu, na alikiri kwamba mwaka wa kwanza kazini alikuwa akiwakwepa sokoni watu aliosoma nao. Ninyi je?

Mwanambegu: Mimi ni wa PCB pia. Nilipata C ya Biolojia, D ya Fizikia na E ya Kemia, yaani pointi 6 kamili zinazotakiwa, lakini udaktari unataka Kemia isishuke chini ya D. Nililia siku mbili, kisha nikaomba kilimo. Sasa nimeajiriwa maabara ya mbegu, ambako tunaotesha mbegu 400 kwa mafungu ya 100 na kuhesabu miche iliyo mizima. Fungu moja likitofautiana mno na mengine, tunarudia kazi yote.

Kijana wa Same: E si ni kufeli? Ulipataje shahada?

Afisa Udahili: Hapana, ndugu yangu. E ni ufaulu kamili wenye pointi 1. Isiyohesabika hivyo ni S. Mwanambegu yuko sahihi kwamba kwa udaktari E ya Kemia inafunga mlango, lakini ni ule wa moja kwa moja tu. Kwa miongozo ya miaka ya karibuni, mwenye stashahada ya utabibu yenye GPA ya 3.0 huweza kuomba, mradi masomo yake ya kidato cha nne yatimize masharti. Wengi hukwama hapo kwa sababu ya Hisabati.

Mama Juma: Samahani, mwanangu yuko kidato cha nne. Tahasusi hubadilishwa lini?

Afisa Udahili: Matokeo yakishatoka, mama, TAMISEMI hufungua mfumo kwa muda mfupi. Usisubiri siku ya mwisho.

Fundi Cherehani: Naona mkuu huyo mstaafu aliwafariji wahitimu tu. Mimi alama zilitosha, ada ndiyo haikupatikana, na kushona sare sikukuchagua. Hao 26 waliukosa udaktari kwa alama, au kwa mfuko?

Baba Neema: Hakuwatenganisha, na ninakubali kwamba hapo hotuba ilipwaya. Alisema wengine ni walimu, wauza dawa na mmoja nahodha wa boti ya abiria. Wanne hakuwapata hata kwa simu. Majina yao ameyawekea alama ya kuuliza kwa penseli.