Kisutu cha marehemu mama kina kutu na mawese: jiki, ndimu au dobi?

BintiUjiji
Wadau, habari zenu. Naolewa mwezi ujao hapa Ujiji, na siku ya kutolewa ndani nataka nijifunge kisutu alichojifunga marehemu mama siku yake. Doti nzima ipo. Shida ni kwamba imekaa miaka mingi kwenye sanduku la bati, na pale ilipogusa ukingo wa sanduku kuna mstari wa madoa ya kutu, kahawia iliyokolea, mengine yana upana wa kidole gumba. Halafu karibu na pindo kuna doa la mawese. Mama mkubwa anasema lilimwagika siku ileile ya harusi, wakati wanapakua migebuka.

Dada mmoja wa dukani ananiambia jiki. Jirani anasema ndimu. Dobi niliyempelekea amekubali kukifua bila hata kuuliza hayo madoa ni ya nini, nikakirudisha nyumbani. Kipi ni salama? Sina kingine cha mama cha kuvaa siku hiyo.

MamaKasulu
Pole mwanangu, na hongera. Jiki usiguse kabisa, itakula nyekundu yote. Tumia ndimu na chumvi, kamulia kwenye madoa, anika jua kali mpaka jioni. Ila kwanza kiloweke kwenye maji ya chumvi usiku kucha ili rangi ishike. Mawese yasikusumbue, jua linayamaliza. Sisi tumekulia kwenye mawese, tunajua.

Isevya_Tabora
Shela la dada yangu huku Tabora lilimwagikiwa asali asubuhi ya harusi. Tuliweka maji ya vuguvugu tu, likatoka lote kabla bwana harusi hajafika. Usihangaike na madawa, shela ni kitambaa laini.

BintiUjiji
Ahsante, ila si shela. Ni kisutu cha pamba, nyekundu, nyeusi na nyeupe.

FundiMwanga
Dada, nimefua na kutengeneza nguo za watu hapa Mwanga muda mrefu, na vitu vya marehemu navipokea kwa moyo wa pekee. Nianze na jiki, kwa sababu ndiyo inayoharibu zaidi. Mama Kasulu amesema itakula nyekundu, na ni kweli, lakini kuna zaidi ya hapo: jiki haitoi kutu. Inaikaza, na uzi wa pamba ambao kutu imeshaudhoofisha unazidi kuchoka. Na kama kuna aliyekwisha kuipaka, usimwagie ndimu wala siki juu yake. Hutoka hewa inayobana kifua.

Ndimu ndiyo dawa ya kutu, maana ukali wake unaiyeyusha. Lakini usianike juani mpaka jioni. Ndimu ikikaukia kwenye pamba inakula uzi, na jua linafifisha nyekundu. Tandika taulo nyeupe chini ya doa, dondoshea maji ya ndimu yenye chumvi kidogo kwenye doa tu, acha kama nusu saa kivulini huku ukihakikisha pabichi, kisha suuza kwa maji mengi. Ukiona taulo limechukua ukahawia, inafanya kazi, rudia. Ikifika mahali taulo linabaki jeupe na doa halibadiliki, acha. Hapo ulichobaki nacho ni kivuli, na ukilazimisha utapata tundu.

Kabla ya hayo yote, jaribu rangi. Lowesha pamba nyeupe kwa ndimu hiyohiyo, ikandamize kwenye nyekundu ya pindo la ndani dakika tano. Ikitoka na wekundu, kisutu kinachuja, basi usikiloweke kabisa. Ni maji baridi, suuza haraka, kitandaze wazi kikauke. Kikikunjwa kibichi, nyekundu inahamia kwenye nyeupe na hiyo haitoki. Kulala kwenye chumvi hakufungi rangi iliyokwisha kulegea, Mama Kasulu. Kutampa tu usiku mzima wa kuchuja.

MamaKasulu
Sawa fundi, la chumvi nimekusikia. Lakini la jua kwa mawese sikubali, nimeona kwa macho yangu.

FundiMwanga
Na umeona sawa, mama. Rangi ya mawese inakufa juani. Mafuta yenyewe ndiyo yanabaki, na baada ya muda pale panarudi kuwa na umanjano. Kwa hiyo mafuta yatangulie kutoka: sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, paka kwa kidole, acha kidogo, suuza. Ukitaka kujua yameisha, dondoshea tone la maji pakiwa pamekauka. Tone likisimama juu, bado yapo; likinywewa mara moja, yameisha. Ndipo upape jua, na sehemu nyingine ya kisutu ifunikwe kwa nguo nzito. Pasi isikaribie mpaka hapo, joto linayapikia mafuta ndani ya uzi.

KibiriziMjomba
Mimi nina neno moja. Kutu itoke, ni ya sanduku. Lakini lile la mawese ni la harusi ya mama yako. Kwa nini ulifute?

MamaKasulu
Mjomba, bibi harusi atoke na doa la mboga mbele za wakwe?

KibiriziMjomba
Liko kwenye pindo. Akijifunga vizuri linaingia ndani.

BintiUjiji
Narudi na majibu. Nilijaribu pindo kwanza, pamba ikatoka safi. Nimefanya ya ndimu kwa kutu na taulo lilitoka na ukahawia kweli. Madoa madogo yameondoka. Makubwa yamebaki na wekundu hafifu, na moja, nilipoliinua dirishani, nyuzi zimebaki chache, mwanga unapita. Jirani anasema niweke ile peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa imalizie. Fundi, niweke?

FundiMwanga
Usiweke penye kutu. Chuma kilichobaki kwenye uzi kinaichochea peroksaidi, na pamba inakatika palepale. Hiyo ni ya madoa ya manjano ya uzee kwenye nyeupe, mahali ambapo kutu haipo, na hata hapo ijaribiwe pembeni.

Pale panapopitisha mwanga usipasugue tena. Kata kipande cha marekani kilichokwisha kufuliwa, kikubwa kuliko doa kwa vidole viwili kila upande, kiweke upande wa ndani. Shona kwa mkono, mshono mwepesi, sindano nyembamba, na mshono wa pembeni ushike penye pamba nzima. Ukishona kwenye nyuzi zilizochoka, utaona zimechanika ukikaa tu. Usivute uzi, kitambaa kikijikunja umekaza mno.

Isevya_Tabora
Na gundi ya kubandika kwa pasi, si rahisi zaidi?

FundiMwanga
Rahisi ndiyo, ila haing'oki tena, na inakauka kuwa ngumu. Mshono anaweza kuufumua siku akipata kitu bora.

BintiUjiji
Ahsante sana fundi. Marekani ninayo, naanza kushona kesho. Mawese sijayagusa. Mama mkubwa anataka yabaki, dada zake wawili wanataka yatoke, nami bado nawasikiliza. Swali la mwisho: nikimaliza, nikiweke wapi? Sanduku ni lilelile.

FundiMwanga
Kikauke kabisa kwanza, unyevu kidogo tu unaleta kawa. Kisha kizungushe na shuka kuukuu jeupe lililofuliwa bila wanga, usikiweke kwenye nailoni, na kisiguse bati mahali popote. Mikunjo uibadilishe mara kwa mara, maana palipokunjwa pale pale ndipo panapokatika.

KibiriziMjomba
Binti, usipoamua la mawese kabla ya shughuli, hao mama zako wataliamua wao.