Tupeane uzoefu: fomu za mkutano wa kijijini zinapoingia kwenye Excel, watu hupotelea wapi?

Kalamu Bluu
Habari zenu wadau. Juzi tumetoka kijijini kwenye kambi ya siku moja ya kupima macho. Tulichapa fomu 300, kila moja na namba yake kwenye kona ya juu, 001 hadi 300. Jioni tulirudi na fomu 9 safi, kwa hiyo zilizotumika ni 291. Tatu kati ya hizo ziliharibika tukazitupa palepale. Nimekaa siku mbili naingiza, nikahesabu mistari: 287. Nilitarajia 288. Mtu mmoja kayeyuka!

Nilipekua karatasi moja moja karibu saa nzima. Kumbe namba 165 ilikuwa imegandana na 164, maana manyunyu yalipiga meza ya usajili mchana. Sasa safari ijayo watu watakuwa wengi zaidi. Ninyi mnafanyaje?

Mzee wa Mabunda
Pole. Kosa la kwanza si lile la kugandana, ni kutupa zile tatu. Fomu iliyoharibika inapigwa mstari, inarudi na wenzake, na kwenye jedwali inapewa mstari wake ulioandikwa "imeharibika". Hapo namba zinafuatana bila pengo, na pengo likitokea ujue ni karatasi iliyopotea. Panga jedwali kwa namba ya fomu, kisha kwenye safu ya pembeni, mstari wa tatu, andika hivi na uivute hadi chini:

```
=A3-A2
```

Kila mahali itoke 1. Ikitoka 2, umerukwa na fomu moja. Ikitoka 0, umeingiza fomu moja mara mbili. Ile 165 yako ungeiona kabla chai haijapoa.

La pili, usibebe fomu 300 kama mzigo mmoja. Sisi tunafunga mabunda ya 50, na tunafunga hukohuko mezani, si jioni watu wamechoka na giza linaingia. Juu ya kila bunda kuna karatasi ndogo: namba ya kwanza, namba ya mwisho, ngapi zimeharibika, nani amefunga. Anayeingiza anamaliza bunda moja, anahesabu mistari, anasaini ile karatasi ndipo anafungua jingine. Kitu kikipungua unatafuta kwenye 50 tu.

Kijana wa Chaji
Mbona mnajitesa? Siku hizi kuna KoboCollect, unajaza kwenye simu hata bila mtandao, ukirudi mjini unatuma. Karatasi za nini?

Kalamu Bluu
Ndugu yangu, tulikuwa na meza nne na simu mbili, moja ina kioo kilichopasuka. Wazee walikuja wote kwa mpigo saa tatu asubuhi. Swali langu ni la karatasi.

Dada wa Foleni
Mimi kilio changu ni namba za simu. Tuliingiza vizuri, tukatuma ujumbe wa kuwakumbusha watu tarehe ya kurudi, ukagoma kwa karibu wote. Excel ilikuwa imeona namba, ikala sifuri ya mwanzo. Hakuna aliyegundua kwa sababu aliyeingiza alikuwa anatazama karatasi, si kioo.

Fundi Simu
Hiyo ndogo sana dada. Chagua safu yote, weka muundo wa `0000000000`, sifuri zinarudi zenyewe. Kazi imeisha.

Dada wa Foleni
Zinarudi machoni tu, Fundi. Ndani ya seli namba bado haina sifuri. Nilifanya hivyo hivyo, nikahifadhi kama CSV, nilipoifungua tena sifuri zimepotea upya. Halafu kuna baya zaidi: mtu aliyeandikiwa tarakimu pungufu naye anajaziwa sifuri hadi zitimie 10, kwa hiyo kosa linavaa nguo safi. Sasa hivi safu ya simu naigeuza kuwa Text kabla ya kuandika namba ya kwanza. Kwetu namba ina tarakimu 10, basi pembeni naweka:

```
=IF(LEN(D2)=10,"","ANGALIA")
```

Inanikamata hata mtu aliyeacha nafasi katikati ya namba. Haimkamati aliyesoma 1 akaandika 7.

Mwalimu Mstaafu
Wacha nami niungame. Mwaka fulani nilitaka majina yakae kwa herufi, nikachagua safu ya majina peke yake nikapanga. Kompyuta iliniuliza, nikabonyeza "Continue with the current selection" bila kusoma. Majina yakahama, umri na simu vikabaki palepale. Jedwali lilipendeza ajabu! Niligundua siku ya tatu, nilipoona mama mwenye watoto watatu ana umri wa miaka 8. Nilikuwa nimeshahifadhi juu ya faili la zamani.

Kilichoniokoa ni karatasi zenyewe, na kwamba namba ya fomu ilikuwa mstari mmoja na simu. Niliandika majina yote upya. Tangu hapo faili la kwanza siligusi, nafanyia kazi nakala. Na fomu sichomi hata nikiambiwa kabati limejaa.

Kalamu Bluu
Mwalimu, umenitisha. Sasa hayo ya 1 na 7 mnayakamata vipi?

Mzee wa Mabunda
Watu wawili waingize fomu zilezile, kila mmoja kwenye karatasi yake ya kazi, bila kuchunguliana. Zote mbili zipangwe kwa namba ya fomu, kisha karatasi ya tatu inalinganisha:

```
=IF(EXACT(Kwanza!D2,Pili!D2),"","TOFAUTI")
```

Kila TOFAUTI unarudi kwenye fomu yenyewe. Usimwamini mwingizaji mzoefu kwa sababu ni mzoefu. Ila angalia: mmoja akiruka fomu, mistari yote ya chini yake inapiga kelele. Ndiyo maana ile hesabu ya mapengo inatangulia.

Sisi hatufanyi hivi kwa kila safu. Tulijaribu kwenye majina tukajuta, maana mmoja anaandika Mohamed, mwenzake Mohammed, unabaki na tofauti zisizo na maana. Tunarudia simu, umri na matokeo ya kipimo tu. Na wote wawili wakisoma 4 kuwa 9, mtego huu hauwaoni. Dawa ya hilo iko mezani kule: fomu iwe na visanduku, tarakimu moja kisanduku kimoja, na msajili amsomee mtu namba yake kabla hajaondoka.

Fundi Simu
Visanduku nakubali. Wino pia. Sisi tuliwahi kutumia penseli, bunda lilivyosuguana kwenye gari tukabaki na mawingu.

Kalamu Bluu
Nimefungua tena fomu zangu sasa hivi. Namba 212, umri: naona 34, dada yangu hapa anaona 39, na simu haikuandikwa. Niache wazi au niweke mojawapo?

Dada wa Foleni
Acha wazi, andika "haisomeki" kwenye safu ya maelezo. Pasipo neno lolote, mwenzio atadhani umesahau kuingiza.

Mwalimu Mstaafu
Mimi ningempigia mwenyekiti wa kijiji amuulize mhusika.

Dada wa Foleni
Mwalimu, ni kambi ya afya hiyo. Mwenyekiti ajue nani alikuja kupimwa nini?

Mwalimu Mstaafu
Umri tu, dada, sijasema amwambie majibu.

Mzee wa Mabunda
Hapo kwetu tumegawanyika hadi leo. Kalamu Bluu, fomu hiyo ilisajiliwa meza ya ngapi? Anza na aliyeiandika.