Nikihama dirisha na kurudi, herufi haziandikiki, zinafungua menyu. Naomba ushauri wakuu

Karani_Moshi
Habari zenu wakuu. Nafanya hesabu za stoo za duka la vifaa vya ujenzi. Mimi niko Moshi, seva yenye faili iko Dar, naingia kwa Remote Desktop. Dirisha la seva nimeliacha dogo, halijajaza kioo, kwa sababu pembeni huwa nimefungua picha za risiti zilizoko kwenye laptopu yangu. Kwa hiyo siku nzima ni Alt+Tab: naangalia risiti, narudi kwenye Excel ya seva, naandika, naenda tena.

Shida ilianza wiki iliyopita. Kuna wakati nikirudi kwenye Excel herufi haziandikiki. Nikianza "Mauzo" kinafunguka kichupo cha Formulas. Nikianza "Faida" unakuja ukurasa mzima wa File. Juzi nilikuwa ndani ya fomula, nikabonyeza F4 ili iweke alama ya dola, Excel ikaniuliza kama nihifadhi kabla ya kufunga. Namshukuru Mungu nilisoma kabla ya kubonyeza chochote.

Kilichonitisha zaidi ni tarakimu. Niliandika 130 kwa tarakimu za upande wa kulia, seli ikabaki tupu. Nikagusagusa vitufe vya chini kushoto kujaribu kuitibu, ghafla ikatokea herufi é ndani ya seli. Nimeshaogopa kwamba kuna mistari ya stoo imeharibika bila mimi kuona. Nimewasha upya laptopu mara tatu. Inapona, kesho inarudi. Ni kibodi, ni virusi, au ni seva?

MzeeWaKeko
Hiyo ni vumbi au chai, mdogo wangu. Kitufe kimeshikwa chini hakirudi juu. Ya kwangu ilimwagikiwa soda, kitufe cha Ctrl kikanata, kila nikibonyeza S inahifadhi. Chomoa kibodi, geuza juu chini, pulizia, halafu pitisha pamba yenye spiriti.

Karani_Moshi
Asante mzee. Ila nikiwa na tatizo hilo hilo, nikibofya dirisha la kwangu la Notepad naandika vizuri kabisa. Shida iko ndani ya dirisha la seva tu.

Bi_Takwimu
Kaka, angalia Sticky Keys. Ukibonyeza Shift mara tano mfululizo Windows inakuuliza kama uiwashe, na watu wengi hubonyeza Yes bila kusoma. Ikishawaka, ukigusa Alt mara moja inabaki imeshikwa hadi ubonyeze kitufe kingine. Ukiigusa mara mbili inajifunga kabisa. Nenda Settings, kisha Accessibility, kisha Keyboard, uizime. Ilinitesa mimi mwezi mzima.

FundiSeva
Dada Bi_Takwimu, ulichosema ni kweli kuhusu Sticky Keys, na aizime ili tuiondoe kwenye hesabu. Lakini ingekuwa imewaka kwenye laptopu yake, Notepad nayo ingevurugika, naye amesema inaandika vizuri. Jibu hilo hilo linaiondoa hoja ya mzee: kitufe kilichonata hakichagui dirisha.

Karani, dalili zako zinataja kitufe chenyewe. Kwenye Excel, Alt na M ni Formulas, Alt na F ni File, Alt na F4 ni kufunga. Na ile é ndiyo ushahidi mkubwa: ukishikilia Alt ukaandika 130 kwa tarakimu za kulia, kisha ukaachia Alt, Windows inaandika é. Kwa hiyo seva iliamini umeshikilia Alt muda wote, na ulipogusa Alt mwenyewe ikapata habari kwamba imeachiwa. Hakuna kirusi hapo.

Sasa kwa nini. Windows haitumi kwa madirisha "Alt imeshikwa" kama hali. Inatuma habari mbili tofauti, moja kwamba kitufe kimeshuka, nyingine kwamba kimepanda. Kila habari inakwenda kwa dirisha ambalo liko mbele wakati huo. Ukiwa kwenye dirisha la seva ukashusha Alt, habari ya kushuka inasafiri hadi Dar. Ukibonyeza Tab, laptopu yako inaidaka yenyewe, kwa sababu dirisha halijajaza kioo, na inakuhamishia kwenye risiti. Unapoachia Alt uko tayari kwenye risiti. Habari ya kupanda inabaki Moshi. Dar bado wanajua Alt iko chini.

Ubuntu_Tanga
Na mimi niulize hapo hapo. Natumia Ubuntu ndani ya VirtualBox, nikitoka kwa Alt+Tab na kurudi, nikibofya na mausi ili kuweka mshale, dirisha zima linaburuzika. Ni ugonjwa huo huo? Huwa naandika hii na inapona:

```
xdotool keyup Alt_L
```

FundiSeva
Ukoo ni mmoja, ndugu. Amri hiyo inatuma habari ya kupanda iliyopotea, ndiyo maana inatibu. Ila hiyo ni ya Linux yenye X11, Karani asiijaribu kwenye Windows.

PembaLink
Hiyo ni intaneti yenu ya bara jamani. Mtandao ukiyumba herufi zinapotea njiani, na habari ya kuachia Alt nayo inapotea.

FundiSeva
Hapana mkuu, hapo nakataa. Mtandao mbovu unachelewesha herufi, lakini hauziokoti moja moja na kuzitupa. Muunganisho ukizidiwa unakatika wote. Angekuwa anapoteza habari njiani, angeona pia maneno yenye herufi pungufu, "Muzo" badala ya "Mauzo". Karani, umewahi kuona hivyo?

Karani_Moshi
Sijawahi. Kukiwa na mtandao mbaya herufi zinachelewa halafu zinakuja zote kwa pamoja.

Lakini mkuu nina swali. Nafanya Alt+Tab labda mara mia mbili kwa siku. Kama habari ya kupanda inabaki kwangu kila mara, kwa nini nisiharibikiwe kila mara?

FundiSeva
Swali zuri sana. Ni kwa sababu Remote Desktop inajua udhaifu huo. Dirisha lake linaporudi mbele, linatuma kwa seva habari ya kusawazisha: hesabu vitufe vyote kuwa viko juu, na Caps Lock na Num Lock viko hivi. Mara nyingi hiyo inakuokoa na wewe huoni kitu. Kwako kuna wakati haifanyi kazi yake.

Jaribu hivi ikitokea tena, kabla ya kuwasha upya chochote. Usiandike. Kwa mausi tu, ndani ya seva, fungua On-Screen Keyboard kutoka menyu ya Start. Ni kibodi ya kwenye kioo, na kitufe ambacho Windows inaamini kimeshikwa kinabadilika rangi. Fungua nyingine kama hiyo kwenye laptopu yako. Ikiwaka Alt ya seva peke yake, maelezo yangu yamesimama. Zikiwaka zote mbili, nimekosea, na turudi kwa mzee wa Keko.

Karani_Moshi
Imetokea leo saa tano asubuhi. Nimefanya kama ulivyosema. Kibodi ya seva Alt ya kushoto imewaka, ya laptopu haijawaka. Nikabonyeza Alt ya kulia na kuiachia, bado imewaka. Nikabonyeza ya kushoto, ikazima papo hapo! Ila Excel ikatoa herufi ndogo ndogo juu ya menyu zote.

FundiSeva
Hizo herufi ndogo ni kawaida ya Excel ukigusa Alt peke yake, bonyeza Esc zinaondoka. Na umegundua jambo ambalo wengi linawashinda: Alt ya kushoto na ya kulia kwa seva ni vitufe viwili tofauti. Iliyoshuka ndiyo inayopaswa kupanda. Ctrl na Shift ni vivyo hivyo. Kwa hiyo tiba ya haraka ni kugusa Alt ya kushoto mara moja, kisha Esc, kisha ndiyo uandike.

Kuzuia kuna njia mbili. Kabla ya kuunganisha, bofya Show Options, kisha Local Resources, utaona sehemu ya Keyboard yenye machaguo matatu. Lako bila shaka liko kwenye "Only when using the full screen". Ukiweka "On the remote computer", Alt na Tab zote zinakwenda Dar hata dirisha likiwa dogo, hivyo kushuka na kupanda kunaishia mahali pamoja. Ukiwa na faili la .rdp, lifungue kwa Notepad, mstari wenyewe uwe hivi:

```
keyboardhook:i:1
```

Gharama yake ni kwamba Alt+Tab haitakutoa tena kwenda kwenye risiti, itazungusha madirisha ya ndani ya seva. Kutoka utabofya kwa mausi.

Njia ya pili, acha mipangilio ilivyo, ila toka kwenye dirisha la seva kwa mausi na urudi kwa Alt+Tab. Kwenda seva hakuna hatari, kwa sababu Alt inashuka ukiwa Moshi. Hatari ni ya kutoka.

Bi_Takwimu
Na kuhusu mistari ambayo huenda imeharibika? Hilo ndilo lingeninyima usingizi.

FundiSeva
Alt na herufi kwa kawaida zinafungua menyu bila kuandika kitu. Vya kuogopa ni viwili. Kimoja ni tarakimu za kulia, ambazo zinageuka alama za ajabu. Kingine ni Enter: ukiwa unahariri seli, Alt+Enter inaongeza mstari ndani ya seli badala ya kushuka chini. Karani, chagua safu ya idadi, bonyeza Ctrl+G, kisha Special, kisha Constants, uache tiki kwenye Text peke yake. Seli yoyote ya idadi iliyoingia kama maandishi itachaguliwa.

Karani_Moshi
Nimepata seli nne. Moja ni ile é niliyosahau kuifuta, mbili ni za mwenzangu aliyeandika "pc" baada ya idadi. Ya nne ina nukta katikati ya seli, hivi: ·

FundiSeva
Hiyo ni Alt na 250. Angalia risiti ya siku hiyo, huenda idadi ilikuwa 250.

Karani_Moshi
Ni kweli! Misumari ya inchi nne, 250. Nimerekebisha.

Nimechagua kutoka kwa mausi, leo siku ya pili halijatokea. Ila mkuu, Jumatatu lilitokea nikiwa sijahama dirisha kabisa. Nilikuwa nimekwenda kula, nikarudi, nikaanza kuandika, menyu zikafunguka.

FundiSeva
Laptopu ilikuwa imejifunga kioo au imelala wakati umekwenda kula?

Karani_Moshi
Nadhani ilikuwa imejifunga, niliandika nywila. Sikumbuki kama niligusa Alt kabla ya kuinuka.

FundiSeva
Kioo kikijifunga nacho ni kuhama dirisha, ila hapo Alt ingepaswa kuwa chini wakati kinajifunga, na wewe hukuwepo mezani. Hiyo siwezi kuieleza bado. Ikirudi, usiguse kitu, fungua kibodi mbili za kwenye kioo kama siku ile, uandike ni kitufe gani kimewaka na upande gani.