Shangazi nimepangiwa nasaha kwenye sendofu Jumamosi, naombeni ushauri

ShangaziWaMuheza:
Wakuu habari za jioni. Jumamosi tunamuaga binti yetu, ukumbi uko Tanga mjini, na kwenye ratiba nimeandikwa "nasaha za shangazi, dakika 5". Waoaji wanatoka Rombo, watakuja basi zima. Kaka yangu ndiye aliyelipia ukumbi na ameshanionya nisimwaibishe. Kuongea mbele za watu siogopi, vikao vya ukoo mimi ndiye msemaji. Ila safari hii usingizi hauji. Nataka watu wacheke na binti aondoke na kitu. Nimeandika hivi, nikosoeni:

"Mwanangu, simama nikuone vizuri, maana wiki ijayo nikitaka kukuona itabidi nibishe hodi. Nina matatu tu. La nne nilishakuambia kwenye kichen pati, haliwezi kusemwa mbele ya mchungaji. La kwanza, mkigombana usimpigie mama yako simu kabla hujala na kulala. Nyinyi mtapatana asubuhi, lakini mama atambeba mkwewe moyoni mpaka ubatizo wa mjukuu. La pili, vikoba. Ukikopa, mumeo ajue. Friji haiwezi kutolewa sebuleni na wanawake wanane halafu wewe ukasema imepelekwa kwa fundi. La tatu, vumilia. Sisi tulivumilia na leo tunaitwa bibi."

Baada ya hapo namvisha zawadi na kumalizia na neno la kumgusa mwenye kuguswa. Swali langu ni dogo: mwisho nitie methali au nianzishe wimbo?

Mkorofi_Ngamiani:
La nne liandike hapa hapa, mchungaji hayumo kwenye huu uzi.

MzeeWaBaraza:
Sendofu zenyewe ndizo tatizo. Zamani binti aliagwa nyumbani, akapewa wosia na wazee, watu wakala ubwabwa wakatawanyika. Leo kamati inakaa miezi, watu wanasumbuliwa michango mpaka kwenye simu, halafu ndoa yenyewe haimalizi mwaka. Mimi nimegoma kuchangia, na wananiita mchoyo. Sawa.

Mshereheshaji_Mstaafu:
Dada, hotuba yako ina nyama kuliko nyingi nilizozisimamia. Nikupe ya ukumbini.

Hizo dakika 5 za kwenye ratiba usizitegemee. Utambulisho ukirefuka, na kwa basi zima kutoka Rombo utarefuka, nasaha ndizo zinazokatwa, kwa sababu keki haikatiki ratibani wala chakula hakiwezi kungoja. Utanong'onezwa "shangazi, dakika 2". Basi kilicho bora kikae mbele. La friji ndilo bora, anza nalo.

Ukishalitamka, nyamaza. Wengi huua mzaha wao wenyewe kwa kuendelea kuongea watu wakiwa bado wanacheka. Sentensi inayofuata haisikiki, na mara nyingi hiyo ndiyo yenye nasaha. Kwako wewe, "ukikopa, mumeo ajue" umeitanguliza kabla ya friji. Igeuze: friji itoke sebuleni kwanza, watu wacheke, watulie, ndipo useme polepole kwamba deni lisilojulikana na mwenzako ni deni la watu wawili analolijua mmoja. Hapo binti atakusikia.

Mzaha nao uangukie kwako au kwa rika lenu. Usimwangukie bwana harusi, kwa sababu ndugu zake hawakujui na hawana utani na wewe. Huo wa simu kwa mama unapita, maana kina mama wote watajiona humo.

Sasa nijibu wewe. Zawadi ni nini, na huyo "mwenye kuguswa" ni nani?

MamaWawili:
Mimi nimekwama kwenye "vumilia". Shangazi yangu aliniambia neno hilo hilo, ukumbi ukapiga vigelegele. Nilivumilia mpaka nikapasuliwa mdomo, na nilipokwenda kwake akanikumbusha hotuba yake. Usimwambie mtoto avumilie bila kumwambia nini. Mawifi wenye maneno, sawa. Mshahara mdogo, sawa. Ngumi, hapana. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema wazi hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo.

Bachela_Mwenye_Msimamo:
Sheria hiyo hiyo inasema ndoa haivunjwi kabla ya miaka 2. Kwa hiyo kuvumilia ni kisheria, shangazi yuko sahihi.

MamaWawili:
Hiyo miaka 2 ni ya kupeleka ombi la talaka mahakamani, na hata hapo mahakama inaweza kutoa ruhusa mapema kama mtu anateseka kupita kiasi. Haijasema ukae ndani upigwe mpaka tarehe ifike. Tafuta mke kwanza, sheria utaijua.

ShangaziWaMuheza:
Ahsanteni. Friji nimeipeleka mbele. La kuvumilia nitalifikiria, ingawa nyie watoto wa sasa hamtaki kusikia neno hilo kabisa. Zawadi ni ya kawaida tu, khanga. Sasa methali au wimbo?

Mshereheshaji_Mstaafu:
Khanga ina jina gani?

ShangaziWaMuheza:
Jina ni jina tu kaka yangu. Khanga zote zina majina.

BintiMvita:
Huku kwetu Mombasa, leso haichukuliwi kwa rangi. Unasoma jina kwanza, ndipo unauliza bei. Mama mkwe alinitunza leso ya "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake". Nikaivaa kila alipokuja kunitembelea, mpaka akachoka mwenyewe. Taja jina, shangazi.

ShangaziWaMuheza:
Haya. "Mdhaniaye ndiye kumbe siye." Mashangazi wote tumeshona sare kwa hiyo hiyo, na doti ya binti nimeshaikata na kuipinda. Anayeguswa ni wifi yangu, mama wa binti. Marehemu kaka aliacha shamba la michungwa Muheza. Wifi aliliuza bila kuita kikao, sisi tukasikia kwa watu baki. Hatujasemeshana tangu hapo. Sitamtaja mtu. Khanga itasema, wenye macho watasoma. Kwetu ndivyo watu wazima wanavyoambizana.

Mkorofi_Ngamiani:
Nilikuja kutafuta la nne, nimekuta la tano.

Mpekuzi_Makini:
Subirini, wakuu. Mwanzo kasema kaka yake ndiye aliyelipia ukumbi. Sasa kaka ni marehemu. Marehemu kalipia ukumbi? Hii chai, tena ya rangi. Kesho atatuletea mwendelezo eti bwana harusi ni mtoto wa mnunuzi wa shamba.

Bachela_Mwenye_Msimamo:
Hata mimi nilishtuka. Na shangazi wa Muheza anaandika kinyoofu namna hii? Huyu ni mtunzi wa simulizi anajaribu kete.

ShangaziWaMuheza:
Nina kaka mmoja tu kwani? Aliyelipia ni baba yake mdogo. Marehemu ni baba mzazi. Na Muheza kuna shule.

Mpekuzi_Makini:
Weka picha ya khanga.

ShangaziWaMuheza:
Nikiweka picha, nusu ya kamati itanijua kabla ya Jumamosi. Siweki.

Mpekuzi_Makini:
Chai.

Mshereheshaji_Mstaafu:
Iwe chai au maziwa, hili nimeliona ukumbini kwa macho yangu, kwa hiyo najibu.

Fikiria mahali mtakapokuwa. Unamvisha binti khanga mabegani, jina linakuja mgongoni au kifuani, mpiga picha anasogea. Wifi yako anaweza asilione kabisa, maana amekaa pembeni kwenye meza ya wazazi. Watakaolisoma ni wageni wa Rombo, wanaotazama mbele. Hawajui habari ya michungwa. Wanachokiona ni bi harusi aliyevalishwa na shangazi yake maneno "Mdhaniaye ndiye kumbe siye", siku ya kukabidhiwa kwao. Watajiuliza sisi tulimdhani nani? Kumbe ni nani? Fumbo halina anwani, dada. Linamwangukia aliyevaa. Na bwana harusi akijiona ndiye anayesemwa, utamwelezaje kwamba unamsema mkwewe?

MamaWawili:
Na mimi nina swali. Shamba liliuzwa lini, na binti alisomeshwa na nani?

ShangaziWaMuheza:
Liliuzwa mwaka aliopata chuo.

MamaWawili:
Ada alilipa nani?

ShangaziWaMuheza:
Mama yake. Sikatai. Lakini kikao kingeitishwa hata cha nusu saa. Si suala la hela, ni suala la kuonekana sisi si watu. Na sare za mashangazi ziko tayari, nimwambie nani leo avae kingine?

MzeeWaBaraza:
Mambo ya shamba yaende baraza la ukoo. Kipaza sauti cha kukodi hakitoi hukumu. Ila kikao kilipaswa kuitwa, hapo shangazi ana hoja.

BintiMvita:
Sare zenu hazina shida, kwenye gauni fundi huwa anakata, jina linapotelea kwenye mshono. Shida ni ya binti. Huku tunanunua doti nyingine, "Mama nipe radhi, kuishi na watu kazi". Hiyo binti anaivaa, mama analia, na wewe wifi umesema lako la kuishi na watu kazi bila kumkwaza mgeni.

ShangaziWaMuheza:
Hiyo nimeipenda, sikatai. Ila nikimvisha hiyo wifi ataona nimemnyenyekea.

Mshereheshaji_Mstaafu:
Basi ile uliyoipinda mpe ikiwa imekunjwa ndani ya mfuko, jina likiwa ndani, na ukumbini umvishe hiyo nyingine. Ukitaka kumsema wifi, nenda kwake Ijumaa jioni, kabla ya watu kukusanyika. Na lile la kuvumilia lirekebishe hivi: "Vumilia chumvi ikizidi, vumilia mawifi, usivumilie ngumi. Ukipigwa, kwetu kuna mlango, na ufunguo ninao mimi." Litamke ukimtazama binti, bila tabasamu. Usilipe mzaha hata chembe. Wimbo waachie wanaojua kuimba, wewe shuka jukwaani watu wakiwa bado wanakutaka.

Bachela_Mwenye_Msimamo:
Mbele ya waoaji useme hivyo? Watageuza basi.

MamaWawili:
Waligeuze basi. Bora ligeuke Jumamosi.

ShangaziWaMuheza:
La mlango nitalisema, hata wakinuna. Khanga bado nafikiria. Ijumaa sijui kama nitaweza kukanyaga kwake, ila mtoto wangu wa kiume amesema atanisindikiza mpaka getini. Madukani barabara ya 12 wanafunga saa ngapi?

Mkorofi_Ngamiani:
Saa 12 wengi wanaanza kushusha mapazia, wahi. Na zile doti za mashangazi zikibaki, niuzie moja. Kuna mpangaji mwenzangu nataka nimsalimie.