Tupeane uzoefu: uliwahi kumwomba nafasi mliyekuwa sawa kazini, sasa anaongoza timu?

Kalamu Nyekundu
Wakuu habari. Nilikuwa afisa mikopo na dada mmoja hapa Mwanza kwa miaka minne, tukipanda bodaboda moja kwenda kwenye vikundi. Akahama, sasa anaongoza timu ya mikopo taasisi nyingine, na wametangaza nafasi. Ujumbe wangu wa kwanza ulikuwa: "Mambo dada, hongera kwa cheo. Huku hali ngumu. Naona mnatafuta mtu, nikumbuke basi." Sikuutuma. Ningekuwa nimemwachia kazi yote: nafasi ipi, anikumbuke kwa lipi, afanye nini. Nikatuma huu:

"Dada, habari za kazi. Nimeona tangazo lenu la afisa mikopo ya biashara ndogo, mwisho tarehe 20. Jana nimeomba kupitia mfumo wenu. Ulipoondoka nilikabidhiwa wateja wa sokoni. Mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30 ilikuwa asilimia 9, sasa ni 4. Mikopo ya kilimo sijawahi kuishika. Ukiona nafaa, naomba unifikirie kwenye usaili. Kama mmeshapata mtu niambie tu, undugu wetu uko palepale."

Alikaa siku tatu, akajibu: "Nimeona. Nitawaambia utumishi waangalie jina lako, ila kwenye usaili sitakaa." Usaili ni wiki ijayo. Wenzangu mliandikaje?

Gari la Mkaa
Mfumo ni kupoteza muda. Mimi CV nilimpa mtu mkononi, nikaitwa.

Mama Wawili
Gari la Mkaa, labda kwa waliokuita wewe. Mimi naongoza timu ya mikopo. Kusoma CV yako naweza, lakini orodha ya kuitwa inatoka kwa watu wa utumishi, na mfumo ukishafungwa siwezi kumchomeka mtu ambaye jina halimo. Kwa hiyo Kalamu kuomba kwanza ndipo aandike, hapo amefanya vizuri. Na hilo la kilimo lingenifanya niamini hayo mengine.

Tatizo langu ni hiyo asilimia 4. Imeshukaje? Tuseme kitabu chako cha mikopo kilikuwa milioni 200 na milioni 18 zimechelewa, hiyo ni 9. Ukikopesha watu wapya mpaka kitabu kifike milioni 450, zile 18 zikiwa palepale, inasomeka 4. Hujakusanya hata shilingi! Au mikopo mibovu imefutwa vitabuni, au wadaiwa wamepangiwa upya muda wa kulipa. Dada yako anayajua haya. Akienda kukusemea halafu usaili ukufumue, aliyeaibika ni yeye.

Jembe Halimtupi
Mimi rafiki yangu alipata ukuu wa kitengo serikalini, nikamwandikia, mpaka leo kimya. Watu wakipanda wanabadilika.

Mama Wawili
Ndugu, nafasi za utumishi wa umma zinaombwa Ajira Portal, chini ya Sekretarieti ya Ajira. Ulitaka akujibu nini? Pengine ameogopa hata kuandika "sawa".

Jembe Halimtupi
Hata salamu?

Mama Wawili
Salamu alikukosea, hapo sikukatalii.

Pwani Kuchele
Swali langu la upande. Mimi ndiye niliyemfundisha kijana kazi, leo ndiye kiongozi. Nimwandikie "bosi" au jina lake kama zamani? Nimeandika nikafuta mara tano.

Gari la Mkaa
"Bosi" ataona unamdhihaki.

Mama Wawili
Mwite mlivyokuwa mkiitana, ila usimkumbushe kuwa ulimfundisha. Na usimwandikie mwisho wa mwezi. Timu ya mikopo siku hizo inafukuzana na marejesho, ujumbe wako utafunikwa. Jingine: ukiona vidole vinaandika "nitakuja na wateja wangu", futa. Wateja ni wa mwajiri wako, na anayesoma atajiuliza siku ukimhama yeye utaondoka na wa nani.

Kalamu Nyekundu
Mama Wawili umenigusa kidonda. Kitabu changu kipo milioni 200 vilevile, kukopesha hakujaongezeka. Zilizochelewa zimetoka milioni 18 hadi 8. Lakini kati ya hizo 10 zilizopungua, 6 ndizo nilizokusanya kwa miguu yangu. 4 zilifutwa mwaka jana na makao makuu. Sikukusudia kudanganya, ndivyo ripoti inavyosoma. Sasa nimwandikie tena au nisubiri niulizwe?

Mama Wawili
Leo hii, mistari miwili: "Dada, katika ile asilimia niliyokutajia, milioni 6 nilikusanya, 4 zilifutwa." Bila zile 4 kufutwa ungekuwa kwenye asilimia 6. Kutoka 9 hadi 6 kwa kukusanya, mimi ningekuita.

Gari la Mkaa
Usithubutu. Umeshaorodheshwa, unajichongea mwenyewe.

Pwani Kuchele
Mimi ningesubiri niulizwe, ila majibu niwe nayo mfukoni.

Kalamu Nyekundu
Nimeshauandika. Bado sijabonyeza.