Tupeane uzoefu: kitenzi cha Kijerumani, mara kiti cha pili, mara mwisho

Mleta mada: Wanaosoma na wanaofundisha Kijerumani, tupeane mbinu. "Ich gehe heute zum Arzt" inaeleweka, kitenzi "gehe" kimekaa kiti cha pili. Ukiingiza "weil", kitenzi kinakimbilia mwisho: "weil ich heute zum Arzt gehe". Kwa nini?

Kondo: Rahisi. Kiunganishi chochote kinasukuma kitenzi mwisho.

Bi Mwalimu: Hapo umepata nusu, kaka. "Weil", "dass", "wenn" na "obwohl", ndiyo. Lakini "und", "aber", "oder", "denn" na "sondern" hazigusi kitu: "denn ich gehe heute zum Arzt". Na "deshalb" huhesabiwa kama kipande cha kwanza, kwa hiyo ni "deshalb gehe ich".

Tena hesabuni vipande, si maneno. "Am nächsten Montag" ni maneno matatu, kipande kimoja: "Am nächsten Montag gehe ich zum Arzt." Kosa letu ni "Heute ich gehe". Kwa Kiswahili "leo nakwenda" inatosha, mtendaji yumo ndani ya kitenzi. Kwa Kijerumani "ich" anasimama peke yake, na kipande kingine kikitangulia lazima ahamie nyuma ya kitenzi.

Mleta mada: Sawa, ila bado sijapata sababu ya kwenda mwisho.

Bi Mwalimu: Geuza swali: mwisho ndiko nyumbani kwake. Angalia "anrufen". Katika "Ich rufe dich morgen an", kile "an" kimebaki nyumbani, "rufe" imeitwa mbele kujaza kiti cha pili. Katika "weil ich dich morgen anrufe", "weil" imeshakalia kiti kile, kitenzi hakina pa kwenda. Jipime kwa kuondoa kiunganishi. "Wenn ich Zeit hätte, käme ich" inakuwa "Hätte ich Zeit, käme ich". Kiti kimeachwa wazi, kitenzi kimekikalia.

Kondo: Na hiyo "käme" baada ya mkato?

Bi Mwalimu: Kishazi chote cha "wenn" ni kipande cha kwanza. "Käme" ni cha pili.

Msafiri: Mimi niko Malmö, na huku haiendi mwisho kabisa. "Hon köper inte bilen", halafu "att hon inte köper bilen". Gari linabaki nyuma ya kitenzi.

Bi Mwalimu: Kiswidi nacho kina kiti cha pili, ila nyumbani kwa kitenzi ni kabla ya yambwa. "Inte" imetangulia "köper" kwa sababu kitenzi hakikuondoka kwake.

Kondo: Mbona Wajerumani wenyewe husema "weil ich hab keine Zeit"?

Bi Mwalimu: Husema, mara nyingi wakitua kidogo baada ya "weil". Kwenye mtihani wa kuandika usithubutu.

Msafiri: Kama wenye lugha wanaisema kila siku, sioni kwa nini iitwe kosa.

Mleta mada: Nimekwama tena: "weil er nicht hat kommen können". "Hat" imeruka mbele ya wenzake, wakati "weil" ipo kitini. Hiyo nayo nyumbani kwake ni wapi?